Risasi ya Burden, na kilichobaki

Tarehe 19 Novemba 1971, katika ukumbi wa F Space mjini Santa Ana, California, msanii Chris Burden alisimama mbele ya ukuta, rafiki yake akampiga risasi mkono wa kushoto. Kazi hiyo, Shoot, ilikwisha papo hapo mbele ya watazamaji wachache. Leo tunazo picha kadhaa, filamu ya sekunde chache, na maelezo mafupi ya Burden mwenyewe: saa 1:45 usiku, risasi ya .22, mpigaji akiwa umbali wa futi 15 hivi. Basi.

Maelezo hayo yanaficha jambo. Mpango ulikuwa risasi imkwaruze tu, lakini ikapenya. Burden hakuandika kwamba mambo yalikwenda kombo, kwa hiyo anayemsoma yeye peke yake hudhani jeraha lile ndilo lililokusudiwa, na uhakiki wote kuhusu ujasiri wake huanzia hapo.

Mwananadharia wa sanaa ya utendaji Peggy Phelan alishika msimamo mkali mwaka 1993: sanaa ya utendaji huishi wakati inapotendeka tu, na ikishahifadhiwa imekuwa kitu kingine. Kwa Shoot, ana hoja. Kila aliyekuwa ukumbini angeweza kusema "acheni", na bunduki ikafyatuliwa. Ukimya ule ulikuwa sehemu ya kazi. Mimi ninayetazama picha sina la kuzuia, kwa hiyo sijabanwa na swali alilobanwa nalo mtazamaji wa siku ile.

Mwanahistoria wa sanaa Amelia Jones alijibu mwaka 1997 akiwa ameandika kuhusu kazi nyingi asizozishuhudia. Kwake, kuwapo hakumpi mtu ukweli wote: shahidi naye ana pembe yake na woga wake. Hapa naegemea kwa Jones. Aliyekuwapo alisikia mlio na kuona mshtuko. Anayerudia filamu anaweza kusikiliza hata ganda la risasi likidondoka sakafuni. (Waliosoma fasihi simulizi wanaujua mzozo huu: ngano ikishachapishwa, sauti ya fanani na viitikio vya hadhira viko wapi?)

Ila Jones hanipi ruhusa ya kuandika kana kwamba nilikuwapo. Mhakiki anayesema "Burden aliyumba" aseme ameliona hilo kwenye filamu, au kwenye picha iliyochaguliwa na msanii. Hivi ni vyanzo viwili tofauti, na cha pili kimepita mikononi mwa mwenye kazi.

Msanii Tino Sehgal amejaribu kuukwepa mtego huu kabisa. Hataki kazi zake zipigwe picha, na huziuza kwa mkataba wa mdomo mbele ya mthibitishaji wa kisheria. Matokeo yake, anayetaka kuzijua bila kuziona hubaki na makala za wahakiki. Sisi wahakiki ndio tumegeuka nyaraka, na hakuna picha ya kutusuta tukikosea.