Baka Lisilowasha

Wiki iliyopita mama mmoja mkaanga samaki alifungua fundo la kanga mezani kwangu, tyubu tisa za dawa ya fangasi zikaviringika mpaka nikazizuia kwa mkono. Nyingine zilikuwa zimekamuliwa hadi zimejikunja, mbili hazijafunguliwa. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akipaka baka moja lililo chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto, ukubwa wake kama kiganja cha mtoto. Alianzia duka la dawa la mtaani kwao, akaenda zahanati, akarudishwa dukani, akapewa na vidonge vya fangasi vya kumeza mwezi mzima.

Nikamuuliza kama kati ya wote hao kuna aliyeligusa.

"Hakuna, daktari. Walitazama tu. Wakauliza linawasha, nikasema haliwashi wala haliumi. Wakasema afadhali, basi si baya."

Afadhali! Neno hilo limeninyima usingizi, na ndilo lililonifanya niandike. Baka lililofifia rangi, lisilowasha, lisilouma, lililokaa mwaka mzima bila kusikia dawa, hapo ndipo mtoa huduma anatakiwa aache kuandika, ainuke kitini, afikirie ukoma. Mgonjwa alitoa jibu muhimu kuliko yote, akapewa tyubu ya tano.

Fangasi hukaa kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile ambalo tayari limekufa. Mishipa ya fahamu iliyo chini yake haifiki, kwa hiyo choa huwasha, hutoa magamba, ukingo wake huinuka na kutambaa nje huku katikati pakianza kupona. Utangotango hauwashi sana, nakubali, lakini huja kwa wingi, kifuani, mgongoni na shingoni, na ukiukwaruza kwa kucha hutoa unga kama wa muhogo. Mbalanga ni nyeupe kabisa, kama maziwa, lakini mdudu akitambaa juu yake mtu anamsikia. Alama ya kuzaliwa, mama mzazi anaijua tangu siku ya kwanza.

Baka la ukoma haliwi jeupe hivyo. Rangi hufifia tu, au huwa na wekundu wa shaba. Mara nyingi ni kavu, kwa sababu jasho halitoki hapo, na vinyweleo hupungua. Haliwashi kwa sababu kimelea chake huingia ndani ya mishipa ya fahamu yenyewe, na mwili unapopambana nacho, mshipa huumia. Ngozi inabaki, anayepeleka habari hayupo. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kulitambua.

Kinachotosha ni pamba. Si mashine, si rufaa ya kwenda mjini. Unachukua kipande kidogo, unasokota ncha yake iwe nyembamba. Kwanza unamgusa mgonjwa kwenye ngozi nzima huku anatazama, umweleze: nikigusa, nionyeshe kwa kidole mahali nilipogusa. Akishaelewa, anafumba macho. Unagusa tu, huburuzi, maana ukiburuza unavuta ngozi ya jirani na jirani atajibu kwa niaba ya baka. Unagusa nje, unagusa ndani, unarudi nje, bila mpangilio anaoweza kuubahatisha, na bila kuuliza "hapa je?" kila mara, kwa sababu mgonjwa mwenye adabu atakuitikia ili asikuudhi. Dakika tatu zinatosha.

Mama yule alionyesha kila mguso wa nje. Ndani ya baka nilimgusa mara sita. Alikaa kimya, macho amefumba, akisubiri nianze.

Kisha nikashika kiwiko. Upande wa ndani, nyuma ya mfupa uliochomoza, pana kijia unapopita mshipa wa fahamu, palepale ukijigonga mkono mzima hupigwa shoti. Unakunja kiwiko cha mgonjwa kiasi, unaupapasa taratibu kwa ncha za vidole huku unamtazama usoni kuona kama unamuumiza, kisha unafanya vivyo hivyo upande wa pili. Kulinganisha ni lazima, maana watu hatulingani. Wa kulia ulikuwa laini, mwembamba. Wa kushoto ulikuwa mnene kama kamba ya katani, na alipoguswa alikunja uso.

Mshipa huo ndio unaohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, pamoja na misuli midogo ya kiganja. Nikamwekea karatasi kati ya vidole hivyo viwili, nikamwambia aibane. Ikachomoka bila upinzani. Kwenye kidole cha mwisho kulikuwa na makovu matatu ya mafuta ya moto. Nikamuuliza aliungua lini. Akasema hakumbuki kuungua. Kidole kuregea alikiona miezi minne hivi iliyopita, akadhani ni uchovu wa kushika mwiko.

Miezi minne. Udhaifu wa mshipa ukiwahiwa kabla ya kutimiza miezi sita, dawa ya prednisoloni inaweza kurudisha nguvu, yote au sehemu. Ukipita hapo, matumaini hupungua sana. Ukoma wenyewe unapona kwa vidonge, na vidonge hivyo ni bure: rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa pamoja, miezi sita kwa mwenye mabaka yasiyozidi matano, miezi kumi na miwili kwa mwenye mengi zaidi au, kama huyu, ambaye mshipa umeshaguswa. Lakini vidonge vinaua kimelea. Havimrudishii mkaanga samaki mshipa uliokwisha kufa. Hicho ndicho tyubu tisa zilichokuwa zinamnyang'anya, siku baada ya siku, na hakuna aliyekuwa na haraka kwa sababu hapakuwa na maumivu.

Nakubali, shingo upande, kwamba muuza dawa mara nyingi huwa sahihi. Mabaka mengi yaliyofifia si ukoma, na anayempa mtu dawa ya fangasi kwa wiki nne hajakosa. Amekosa anayempa tyubu ya pili bila kuuliza kwa nini ya kwanza imeshindwa. Nakubali pia kwamba pamba ina mipaka. Usoni kuna mishipa mingi ya fahamu, baka la hapo linaweza kuwa la ukoma na bado likasikia. Na kuna aina ya ukoma ambayo mabaka huwa mengi, yamefifia kidogo tu, na hisia ipo. Mwenye aina hiyo hupimwa majimaji ya ngozi, kwenye ndewe za masikio na kwenye baka. Lakini kipimo hicho kikitoka bila vimelea kwa mwenye baka moja lenye ganzi, msimrudishe nyumbani! Kwa baka kama hilo vimelea ni wachache mno kuonekana. Ganzi ndiyo jibu.

Nilipomweleza mama kuhusu mkojo utakaokuwa mwekundu siku ya rifampisini, na ngozi itakayokolea weusi kwa klofazimini, aliuliza jambo moja tu: watoto. Nikamwambia awalete wote wanaoishi naye.

Walikuja juzi, watatu. Wawili ngozi zao ni safi. Yule wa kati, wa miaka tisa, alikuwa na duara pajani, na mama yake alipoliona nikilishika alishikilia ukingo wa meza. Nikasokota pamba. Mtoto akafumba macho, akaonyesha kila mguso, wa nje na wa ndani, akacheka kwa kutekenywa. Ukingo ulikuwa umeinuka, una magamba, na alikuwa amejikuna usiku kucha. Nikachukua mojawapo ya zile tyubu mbili ambazo hazijafunguliwa, nikasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, nikampa.