Mawe Yapo, Hati Haipo

Mama mdogo anaishi Mangamba, hapa Mtwara. Kwenye pembe ya uwanja wake, karibu na shina la mnazi, kuna jiwe la zege lenye kipande cha nondo katikati. Juzi alilifagilia majani akanionyesha. "Mwanangu, mawe wameshaweka. Si basi tena?"

Bado, mama mdogo. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha viwanja ambavyo watu wameshajenga, una hatua: kutambua nani anakaa wapi, kuchora mpango wa mitaa na njia, kupima na kuweka hayo mawe, ramani ya upimaji kuidhinishwa, ndipo kila mtu aombe hati ya kiwanja chake chenye namba na kitalu. Jiwe linasema mpaka uko wapi. Halisemi mwenye nyumba ni nani.

Na yeye amekwama hapo hapo kwenye "nani". Karatasi ya mauziano anayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na sahihi ya mjumbe inasomeka. Lakini mnunuzi aliyeandikwa ni mumewe, ambaye ni marehemu. Siku ya utambuzi vijana wenye daftari walimkuta yeye mlangoni, wakaandika jina lake, wakaenda nyumba ya pili. Alipopeleka maombi ya hati akaambiwa mauziano na orodha haviendani.

Sasa inabidi kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, uende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi na atoke na Fomu Na. 4, karatasi ya uteuzi huo. Mirathi yao ni ya Kiislamu, na watoto wapo, kwa hiyo fungu la mjane ni thumni. Moja ya nane! Ya nyumba ambayo matofali yake mengi yalitoka kwenye samaki wake wa kukaanga.

Kama hati ingetoka mapema kwa majina ya wote wawili, kama wamiliki wa pamoja wenye hisa sawa, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya 1999 inaliruhusu, nusu ingekuwa yake mwenyewe na thumni ingekatwa kwenye nusu ya marehemu tu. Leo itabidi athibitishe mchango wake kwa maneno, mbele ya shemeji zake. Risiti za samaki nani anatunza?

Ndiyo maana nasema kazi ya majina itangulie mawe. Kamati ya mtaa isome orodha mkutanoni kwa sauti, nyumba kwa nyumba, iulize: mume yupo, mke yupo, mauziano yanasema nani? Mambo ya mirathi yaanze siku hiyo, kabla mpimaji hajaja.

Nilipokuwa naondoka jirani yake aliniita. Mumewe yu hai, wamejenga pamoja, kwenye orodha kuna jina la mume peke yake. Nimemwambia waende wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii, kabla fomu ya hati haijajazwa.