Saa ya kuhesabu watu isimame lini?

"Kengele ya moto ikilia, tuamini orodha ya kadi za mlangoni au daftari la wakuu wa idara? Na muda tuupimeje?"

Naegemea orodha ya mlangoni, ila kwa masharti. Watu 200 huwezi kuwaita majina mmoja mmoja juani. Mwenye tableti anayetia alama kila mtu anapofika humaliza mapema zaidi, na kiongozi wa Zimamoto akishuka garini anataka kujua jambo moja tu: kuna mtu ndani, na yuko wapi?

Tabu ni kwamba orodha hiyo haijui watu, inajua kadi. Tuseme kengele imelia saa 4:15 asubuhi, na orodha ina majina 212. Saa 4:26 wa mwisho wamefika uwanjani, waliotiwa alama ni 187. Bado 25. Ukipiga simu unakuta 19 walishatoka zamani kwa geti la magari, ambako hakuna anayegusisha kadi akitoka. Wanne wamekusanyika upande wa pili wa jengo. Wawili hawapokei. Halafu pembeni wamesimama mafundi viyoyozi watatu ambao hawamo kabisa, maana mwenyeji wao aliwapitisha kwa kadi yake.

Wale 19 wanakula muda. Hawa watatu ndio wananitisha: wangebaki juu ya paa, orodha isingewataja hata kidogo.

Daftari la idara lina ubora wake hapa. Mkuu wa idara anajua nani yuko likizo na nani katumwa benki. Lakini mafundi hata yeye hawajui, na siku akiwa safarini daftari linabaki kwenye droo.

Kinachoziba pengo ni upekuzi wa ghorofa. Msimamizi anayeshuka na kusema "ya tano nimeimaliza, ila choo cha nyuma sikukifikia" anatoa habari ambayo orodha haina: mahali. Majina mawili yasiyopokea simu pamoja na choo hicho, hapo Zimamoto wana pa kuanzia.

Sharti jingine ni la kiufundi. Kengele ikilia, milango ya sumaku hujifungua na watu hutoka bila kadi, kwa hiyo orodha inayofaa ni ile ya dakika hiyohiyo ya kengele, na nakala yake iwe tayari kwenye simu iliyo nje. Ikibaki kwenye kompyuta ya mapokezi, umeme ukikatwa imekwenda nayo.

Kuhusu muda, ripoti nyingi zingeandika dakika 11. Huo ni muda wa kutoka. Saa ya kuhesabu husimama kila jina likishapata jibu, tuseme saa 4:43: dakika 28. Katika zile 17 za ziada, nyingi zimeliwa na geti la magari. Ningefunga kisoma kadi pale, nirudie zoezi, nione zimebaki ngapi.