Kipa, mpira ukielekea wavuni, udake

Mechi ilikuwa ya vijana chini ya miaka 15, uwanja umelowa mvua ya asubuhi. Beki wetu wa kati alibanwa, akageuka akamrudishia kipa mpira. Mpira ulikuja kwa kasi kuliko alivyokusudia. Benchi zima tukapiga kelele: "Usishike! Usishike!" Sauti yangu ilikuwamo. Kipa akarusha mguu kuupiga mbele, mpira ukadunda kwenye kidimbwi, mguu ukapita hewani. Akageuka, akasimama, akautazama mpira ukitambaa mpaka ukavuka mstari. Alikuwa na muda wa kuruka na kuudaka. Hakuruka, kwa sababu sisi watu wazima tulikuwa tumemwambia asishike.

Nilipomfuata baada ya mechi aliniambia, "Mwalimu, si mlisema ni marufuku?"

Ndiyo, tulisema. Na tulikosea mara mbili, kwa hiyo nataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu, maana naona makipa wengi wanafungwa magoli ambayo sheria yenyewe haikuwalazimisha kufungwa.

Marufuku yenyewe ilianza 1992. Kabla ya hapo beki aliweza kumrudishia kipa, kipa akadaka, akamtupia beki, beki akamrudishia tena, na dakika zikaisha hivyo. Sheria ikasema kipa asishike kwa mkono mpira ambao mwenzake ameupiga kwa mguu kwa makusudi umfikie yeye. Kila neno hapo lina uzito. Mguu maana yake ni kuanzia kifundo kwenda chini. Goti, paja, kifua na kichwa havimo, ili mradi mchezaji asiwe amefanya ujanja wa kuukwepa mkono wa sheria, kama kuunyanyua mpira mwenyewe kwa mguu ili aupige kichwa kwenda kwa kipa. Makusudi nayo maana yake ni kwamba beki alitaka kumpa kipa. Beki akiteleza na kuukata mpira vibaya wakati anajaribu kuokoa, ukaenda kwa kipa, hiyo si pasi. Kipa adake bila wasiwasi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kosa letu la kwanza ni kutojua badiliko la 2019. Tangu mwaka huo, kipa aliyerudishiwa mpira akaupiga, au akajaribu waziwazi kuupiga ili uendelee kuchezwa, na jaribio likashindikana, anaruhusiwa kuushika. Kijana alirusha mguu, kila mtu uwanjani aliona. Tangu mguu ulipopita hewani, ule mpira ulikuwa halali kwa mikono yake. Angeruka akaudaka, refa asingepiga hata filimbi, na mchezo ungeendelea. Tulifungwa goli kwa kutii sheria ambayo haikuwepo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapa ndipo wengine wanabishana nami. Tuseme hakujaribu kupiga. Tuseme pasi ilikuwa mbovu, inampita pembeni, inaelekea golini. Mimi nasema aruke audake hata hivyo, akijua kabisa kwamba anafanya kosa. Akiuacha, ni goli la kujifunga. Akiudaka ndani ya kumi na nane yake, wapinzani wanapata faulo isiyo ya moja kwa moja. Si penalti. Wala hapewi kadi, si ya njano wala nyekundu, kwa sababu sheria inasema wazi kwamba kipa akishika ndani ya eneo lake mpira asioruhusiwa kuushika, adhabu ni hiyo faulo peke yake. Kadi inaweza kuja tu pale yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha mpira, kwa mfano goli kiki, kisha akaugusa tena kabla haujaguswa na mtu mwingine, akazuia shambulizi la hatari. Hapo ni kesi tofauti.

Nimeambiwa huko ni kuwafundisha watoto udanganyifu. Sikubali. Anayedanganya anaficha, huyu anadaka mbele ya refa na analipa bei iliyoandikwa. Isitoshe, mpira haukuchezwa na adui, umetoka kwa beki wake mwenyewe.

Kuna hali ambapo ushauri wangu unageuka. Ikiwa mwenzako amerusha mpira kutoka pembeni, akakurudishia wewe, nao unaelekea moja kwa moja wavuni, usiuguse kabisa, si kwa mkono wala kwa mguu. Kurusha kukiingia kwenye goli la timu iliyorusha bila kuguswa na yeyote, wapinzani wanapewa kona, si goli. Mwezi wa tisa 2002, Birmingham wakicheza na Aston Villa, Olof Mellberg wa Villa alimrushia kipa wake Peter Enckelman. Enckelman akataka kuutuliza kwa mguu, mpira ukapita chini ya kiatu ukaingia. Yeye alisisitiza hakuugusa. Refa David Elleray aliona ameugusa, akaweka kati. Mguso mwembamba kiasi kile ndio uliokuwa tofauti ya kona na goli, na Villa walilala 3-0.

Basi kipa amedaka, filimbi imelia, refa amenyanyua mkono juu. Hapa ndipo timu nyingi zinapoharibu, na mfano ninaowaonyesha vijana ni Porto na Arsenal, Ligi ya Mabingwa, Februari 2010. Sol Campbell wa Arsenal alimgusia kipa wake Łukasz Fabiański mpira huku Falcao wa Porto akimfuata, Fabiański akaushika. Ule haukuwa unaingia golini, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuushika. Angeupiga nje tu. Refa Martin Hansson akatoa faulo. Arsenal wakiwa bado hawajajipanga, Ruben Micael akaanza haraka, Falcao akaweka kwenye goli tupu. Porto wakashinda 2-1. Arsène Wenger alilalamika sana, lakini anayepewa faulo halazimiki kusubiri filimbi wala ukuta, isipokuwa ameomba wapinzani wasogezwe.

Kwa hiyo kudaka ni nusu ya kazi. Usiubebe mpira ukaenda kubishana na refa, na usiukumbatie, maana kuchelewesha kunaleta kadi ya njano ambayo kule kudaka hakukuileta. Uache chini, kimbia kwenye mstari wako wa goli. Kama ulidakia ndani ya boksi dogo, faulo inapigwa kwenye mstari wa boksi hilo, mita 5.5 kutoka golini. Kawaida wapinzani wa mpigaji hukaa mita 9.15, lakini sheria inawaruhusu kusimama karibu zaidi wakiwa juu ya mstari wa goli katikati ya milingoti. Upana wa goli ni mita 7.32, na wachezaji wote 11 wanaweza kuuziba.

Kumbuka pia kwamba mpigaji hawezi kufunga moja kwa moja. Lazima mpira uguswe na mtu wa pili. Ndiyo maana wote wanatoka mbio mara tu mpira unapoguswa na kusogea, wakiongozwa na kipa, kabla wa pili hajafyatua.

Tunalifanyia mazoezi hili sasa, kila Jumatano, dakika kumi za mwisho. Beki anarudisha pasi mbovu kwa makusudi, kipa anaruka, anadaka, anauacha chini, anaita "Mstarini!" na wenzake 10 wanakimbia. Yule kijana ndiye anayeita kwa sauti kubwa kuliko wote.