Naiti ya Nane Nane

Mdogo wangu alipangiwa sendofu Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, sikukuu ya Nane Nane, na rosta ya wodi yetu ya upasuaji wanaume ikanipangia naiti siku hiyohiyo. Kwenye kamati ya sendofu mimi ndiye niliyepewa kumsindikiza mbuzi. Ukikosekana hapo, ukoo unakuhesabu marehemu.

Nikamwandikia Mama Mapacha, ambaye wiki hiyo alikuwa ofu nyumbani: "Shikamoo dada. Naomba unishikie naiti ya usiku wa Ijumaa tarehe 8. Nitakulipa usiku wa Jumatano tarehe 20, uliyopangwa wewe. Kitenge pia nitaleta." Akajibu: "Marahaba mdogo wangu, usijali. Kitenge kiwe cha kijani." Inchaji akaandika kwenye kitabu cha kubadilishana zamu, mimi na yeye tukatia saini. Kila kitu kihalali kabisa.

Sasa, Mama Mapacha ni mzaliwa wa Pangani. Mimi ni wa Mbeya. Kumbukeni hilo.

Ijumaa saa mbili na nusu usiku, mbuzi wa ndafu ndiyo kwanza anaingia ukumbini na majani yake mdomoni, mimi nyuma yake na gauni la kumetameta na kope za kubandika, simu ikaita. Ni dada wa zamu ya jioni.

"Uko wapi wewe? Nimehesabu dawa za kabati la kufuli mara mbili, ripoti nimeiandika, funguo ninazo mkononi. Wa kumkabidhi simwoni!"

Wodi haiachwi bila makabidhiano hata kama nyumba yako inaungua, kwa hiyo nilimwelewa. Nikampigia Mama Mapacha. Alipokea kwa sauti ya mtu uliyemtoa usingizini.

"Dada, hujaenda kazini?"

"Kazini tena? Si nimekushikia jana!"

"Jana ilikuwa Alhamisi!"

"Mchana ndiyo ilikuwa Alhamisi. Jua likishazama ni usiku wa Ijumaa. Kwani huko kwenu usiku wa Ijumaa watu wanasoma lini?"

Mbuzi alikuwa anasubiri, sikuwa na nafasi ya kubishana na machweo. Hata ningebisha, ningeshindwa. Pwani usiku huitangulia siku yake: usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Rosta nayo haijui hayo. Herufi N ikiwa chini ya tarehe 8, unaingia tarehe 8 jioni na kutoka tarehe 9 asubuhi. Yeye rosta hiyo hakuwa ameiona, alikuwa nayo meseji yangu tu.

Lakini Alhamisi si kulikuwa na mtu wa zamu? Alikuwepo, kaka mmoja wa Singida. Alipomwona Mama Mapacha anaingia saa mbili kasorobo na kusema "nimekuja kushika zamu," hakuuliza ya nani. Alimkabidhi wagonjwa kitanda kwa kitanda, akamkabidhi funguo, akaenda kulala. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakupiga simu hata moja, alisema alidhani maombi ya mama yake yamejibiwa.

Nikachukua bodaboda na gauni langu. Sare ilikuwa nyumbani, kwa hiyo nikaazima nguo za kijani za tiyeta na kuzivaa juu yake. Kumetameta kukawa kunachungulia shingoni na miguuni. Saa sita usiku nikampima presha mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, ganzi ilikuwa ikimtoka taratibu. Alifumbua macho, akatazama kope, akatazama shingo.

"Nimeshafika?" akauliza.

"Bado baba. Uko wodini."

"Basi sawa," akasema, kwa masikitiko kidogo.

Jumatatu tukakaa mbele ya inchaji tuhesabiane. Mama Mapacha alikesha kwa ombi langu, kwa hiyo namdai hakuna, nadaiwa mimi. Yule wa Singida alilala usiku wa mtu mwingine, kwa hiyo ananidai hakuna, namdai mimi. Inchaji akakata shauri hivyohivyo, kisha akachora safu mbili mpya kitabuni: siku na saa ya kuingia, siku na saa ya kutoka.

Kumlipa Mama Mapacha hakukuwa na shida. Nilimpigia mapema: "Dada, Jumatano yako inaanza lini?" Akacheka mpaka akakohoa, akasema safari hii tufuate rosta. Nikaingia Jumatano tarehe 20 saa mbili usiku, nikatoka Alhamisi tarehe 21 saa moja na nusu asubuhi. Kitenge cha kijani nacho kikapokelewa.

Wa Singida alipata ruhusa ya masomo mwezi Septemba, miaka miwili, yuko Dodoma. Juzi kaniandikia: "Dada, deni lako nalikumbuka, nitakulipa usiku wa Ijumaa." Tarehe hakuweka.