Aim Fain, Thenki Yuu

Mimi sina ugomvi na mtu anayejifunza Kiingereza. Ugomvi wangu ni saa anazonichagulia. Alfajiri, hata tongotongo sijatoa, mzee jirani yangu yuko mlangoni kanyooka kama mlingoti: "Gudi moningi, sa! Hau aa yuu?" Umri wa baba yangu, ananiita sa! Najibu kwa adabu: "Aim fain, thenki yuu. End yuu?" Naye: "Aim fain, thenki yuu." Kimya. Kitabu chake kimeishia hapo. Tunabaki kutazamana kama majogoo waliosahau walichogombania.

Wiki mbili nzima. Siku moja namwona anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala chapa, suruali tope mpaka magotini. Nikamuwahi: "Hau aa yuu?" Akasimama wima: "Aim fain, thenki yuu." Fain ipi hiyo, mzee wangu, na pancha hiyo?

Basi nikasema nicheze naye mchezo wake, ila niufungulie mlango. Nikamwambia, mzee, ukishajibu bandika kahabari kamoja, kisha rudisha swali. Na sauti iangalie. Anayeanza hukaza katikati: hau AA yuu. Anayerudisha hukaza mwisho: hau aa YUU. Ukilikaza kila neno, unasikika kama unanisomea mashtaka. Na ile "gudi naiti" yako ya jioni ni ya kuagana. Siku ya kwanza uliponisalimia nayo nilidhani unanifukuza, nikageuza nikaenda kulala kweli.

Akafumba macho, jasho likamtoka. "Noti... so gudi. Mai taya... Yestade ai go fandi. Fandi noti dea."

Sikumsahihisha. Ukimkata mtu katikati ya sentensi anakimbilia "aim fain" yake na humtoi tena humo. Nikajifanya kushangaa tu: "Oo, yu wenti, end hi wozinti dea?"

"Yesi! Ai wenti! Hi wozinti dea!" Mikono juu. Baiskeli chini.

Laiti ningejua. Mzee sasa ana habari. Ya mgongo, ya paka aliyehamia kwake na watoto wanne, ya fundi mpaka leo haonekani. Zote kwa Kiingereza, polepole, huku akitafuta kila neno angani, na mimi nimeshika begi. Kazini nachelewa kila siku, na ukimwambia bosi umechelewa kwa ajili ya paka wa jirani, hakuelewi kwa lugha yoyote.

Leo sikulala, jino. Shavu limevimba kama nimeficha limau. Nafungua mlango, yuko pale.

"Hau AA yuu?"

"Aim fain, thenki yuu."

Akaliangalia shavu. Akaniangalia mimi. Akavuta kigoda changu mwenyewe, akakaa.

"Sa," akasema, "kahabari kako wapi?"