Miaka 5 ya siri kwa kazi ya wiki 6

"Kampuni inayonunua zabibu hapa Dodoma inataka niwatengenezee mfumo wa kusajili wakulima na malipo yao. Kazi ni ya wiki 6, mkataba wa usiri ni wa miaka 5. Nisaini?"

Miaka hainitishi sana. Kilichonishtua ni kifungu cha 2, kinachotaja siri zenyewe: "taarifa, ujuzi na mbinu zozote alizozipata wakati wa kazi." Hilo neno "ujuzi" ndilo baya. Ukijifunza hapo kuunganisha mfumo na malipo ya simu, kesho mwenye kiwanda cha alizeti Kizota akikuita kwa kazi kama hiyo, atakuwa anakuita uvunje mkataba.

Mnunuzi naye ana hofu ya haki. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wanunuzi hugombania wakulima walewale. Wewe si mwajiriwa. Unaweza kumaliza kwake Ijumaa, Jumatatu ukaketi kwa mshindani wake ukiwa umeshaona nani analipwa bei gani. Lazima ajikinge.

Kwa hiyo pima kila siri kwa umri wake. Bei ya msimu ujao ni siri leo, lakini mavuno yakianza kila mkulima anaijua. Faida yake kwa kilo na masharti ya wateja wake, kwangu miaka 2 inatosha. Akikuonyesha namna anavyochanganya mvinyo, hiyo ni siri maadamu haijajulikana nje, na hapo hata miaka 5 ni michache. Majina na namba za simu za wakulima usizihesabie miaka kabisa: mkataba uishe usiishe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 bado inazilinda.

Omba "ujuzi na mbinu" vifutwe, siri zitajwe moja moja, na muda uhesabiwe tangu siku unayokabidhi kazi. Yabaki nje yale uliyoyajua kabla, yaliyo hadharani, uliyoyapata kihalali kwa mtu mwingine, na yatakayodaiwa na mahakama. Kodi za programu ulizoandika zamani ziorodheshe kwenye kiambatisho kabla ya kusaini, maana baadaye utashindwa kuthibitisha kuwa zilikuwa zako.

Kifungu cha 7, kinachokukataza kufanya kazi na mnunuzi mwingine wa zabibu kwa miaka 5, hakilindi siri yoyote. Kinakufungia riziki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa kawaida inabatilisha makubaliano ya kumzuia mtu kazi halali, ila usisaini ukiegemea hapo. Kesi moja inaweza kumeza malipo yote ya wiki 6.

Wakikubali kurekebisha cha 2 na kufuta cha 7 lakini wakashikilia miaka 5, saini. Wakishusha hadi mwaka 1 na kuviacha vifungu hivyo kama vilivyo, mimi nisingesaini.